Dokezo la Kuhamisha Fedha Husomwa Kuanzia Upande Unaotoa

Bajeti ya halmashauri hupitishwa miezi kadhaa kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai mosi, na anayeiandaa anakadiria bei, mvua na barabara ambazo bado hajaziona. Ikifika Desemba, mambo yameshabadilika. Kasma moja imekauka, nyingine imebaki na fedha ambayo haitatumika kama ilivyopangwa. Mkuu wa idara anaona fedha ipo na shida ipo, lakini fedha hiyo imewekwa mahali pengine. Hapo ndipo anapoandika dokezo kuomba idhini ya kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine.

Kasma ni mstari wa bajeti wenye namba yake na kazi yake: mafuta ya magari, mafunzo, uchapaji, posho, matengenezo. Madiwani wanapopitisha bajeti hawapitishi jumla kuu peke yake. Wanapitisha kila mstari, na kila mstari ni kazi ambayo wananchi wameahidiwa. Ndiyo maana mkuu wa idara hawezi kuhamisha fedha kwa uamuzi wake, hata kama jumla ya idara haiongezeki kwa shilingi moja.

Madokezo mengi ya aina hii yana kasoro ileile. Upande unaopokea fedha hupewa kurasa mbili za maelezo, na upande unaotoa hupewa sentensi moja: "Fedha zitatolewa kwenye kasma ya mafunzo ambayo ina salio." Mwandishi ameeleza njaa yake vizuri, lakini hajasema anakula chakula cha nani. Kwa anayetakiwa kuweka sahihi, swali kubwa liko huko huko. Hitaji la mafuta linaeleweka bila maneno mengi. Asichokijua ni kitu gani hakitafanyika akishakubali.

Tuuone mfano mmoja. Ni wa kutunga, ila hesabu zake ni za namna inayokutwa mezani kila mwaka.

Idara ya afya ya halmashauri fulani hupeleka huduma ya mkoba ya chanjo kwenye vijiji vilivyo ng'ambo ya mto. Gari huenda mara 8 kwa mwezi, na kila safari hufikia vijiji viwili. Bajeti ilikadiria lita 60 za dizeli kwa safari, kwa shilingi 3,000 lita moja. Safari 96 kwa mwaka zinafanya lita 5,760, yaani shilingi 17,280,000, na hicho ndicho kiasi kilichowekwa kwenye kasma ya mafuta. Mwanzoni mwa Novemba daraja la njia fupi likachukuliwa na maji. Gari sasa linazunguka, na safari moja inakula lita 85.

Kufikia mwisho wa Desemba, miezi minne ya kwanza imetumia lita 1,920 na miezi miwili ya kuzunguka imetumia lita 1,360. Jumla ni lita 3,280, sawa na shilingi 9,840,000. Kasma imebaki na shilingi 7,440,000. Miezi sita iliyosalia ina safari 48, na kwa lita 85 kila moja zinahitajika shilingi 12,240,000. Pengo ni shilingi 4,800,000.

Nimezipitia hesabu hizi moja moja kwa sababu dokezo zuri hufanya hivyo hivyo. Msomaji anatakiwa aweze kuchukua kalamu na kulifikia pengo yeye mwenyewe kutoka kwenye idadi ya safari, lita na bei. Dokezo linaloomba "shilingi 5,000,000 kwa ajili ya upungufu wa mafuta" linamwacha mwekahazina akijiuliza namba hiyo imetoka wapi. Namba ya mviringo huonekana kama makisio hata pale mwandishi alipopiga hesabu kwa uaminifu.

Kabla ya kutafuta fedha ya kuziba pengo, kuna mtego wa neno "salio". Kitabu cha bajeti kikionyesha kasma fulani iliidhinishiwa milioni 12 na haijatumika hata senti, mtu huona milioni 12 ziko wazi. Huenda haziko wazi hata kidogo. Kwanza huondolewa kilichokwisha kutumika. Kisha huondolewa kilichofungwa kwa ahadi: hati ya ununuzi iliyotoka kwa mzabuni, mkataba uliosainiwa, masurufu ambayo hayajarejeshwa. Kinachobaki hapo ndicho salio huru. Na hata salio huru linaweza kuwa la kwenye karatasi tu, kwa sababu mapato ya ndani ya halmashauri hukusanywa kidogo kidogo mwaka mzima, na kasma hupokea fedha kadiri makusanyo yanavyoingia. Bajeti ni ruhusa ya kutumia. Fedha yenyewe ni jambo jingine. Ukihamisha ruhusa kutoka kasma ambayo bado haijapokea kitu, kasma ya mafuta itapata namba mpya kwenye mfumo, na kituo cha mafuta hakitajaza tangi kwa namba.

Katika mfano wetu idara ina kasma tatu zinazovutia. Ya kwanza ni ya kununua jokofu la chanjo la umeme wa jua, shilingi milioni 12, ambayo haijaguswa. Macho yote huenda hapo, na hapo ndipo pasipofaa. Hiyo ni fedha ya maendeleo, fedha ya kununua mali itakayodumu, na kuitumia kwa dizeli itakayoisha mwezi huu ni kubadili kabisa sura ya bajeti iliyopitishwa. Isitoshe, zabuni yake imeshatangazwa. Haijaguswa kwa sababu ununuzi una hatua zake, na kutokuguswa hakumaanishi kwamba haihitajiki.

Sheria za nchi jirani zinaliweka jambo hili wazi kwa maneno. Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, katika vifungu vya 43 na 154, inaruhusu afisa mhasibu kuhamisha fedha kati ya programu ikiwa inaonekana hazitatumika pale zilipo, ikiwa ameeleza sababu kwa hazina na kukubaliwa, na ikiwa jumla ya vyote vilivyohamishwa kwenda au kutoka kwenye programu hiyo haizidi asilimia 10 ya matumizi yake yaliyoidhinishwa mwaka huo. Fedha za maendeleo hazihamishwi isipokuwa kwenda kwenye maendeleo mengine. Fedha za mishahara hazihamishwi kwenda kwenye matumizi yasiyo ya mishahara. Fedha zilizotengwa kupelekwa kwa taasisi nyingine haziguswi. Tanzania ina Sheria ya Bajeti ya 2015, na halmashauri zina miiko yao zaidi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani yasiyolindwa imetengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2, na hakuna dokezo la mafuta linaloweza kuisogelea.

Zinabaki kasma mbili. Uchapaji wa kadi na fomu za chanjo uliwekewa shilingi 4,200,000. Mzabuni aliyeshinda alichapa idadi yote iliyohitajika kwa shilingi 2,400,000, kazi imepokelewa na malipo yamefanyika. Shilingi 1,800,000 zimebaki, na kwa kuwa fedha yake ilikuwa imeingia yote, ni fedha taslimu. Mafunzo rejea ya watoa chanjo yaliwekewa shilingi 9,000,000 kwa watu 40, siku 3, kwa wastani wa shilingi 75,000 kwa mtu kwa siku, na yamepangwa kufanyika Mei. Yakifanyika kwa siku 2 yatagharimu shilingi 6,000,000, na shilingi 3,000,000 zitabaki. Milioni 1.8 na milioni 3 zinatimiza pengo.

Fedha hizi mbili hazifanani, na hapa ndipo uaminifu wa mwandishi unapoonekana. Ya uchapaji ni akiba ya kweli: kazi imekamilika kwa bei ndogo, hakuna kadi iliyopungua. Ya mafunzo ni upungufu. Watu 40 watakosa siku moja waliyoahidiwa. Dokezo likiziita zote "akiba" linamficha mkurugenzi jambo ambalo atakuja kuulizwa na madiwani. Nimeona neno akiba likitumika hivi mara nyingi kiasi kwamba sasa nikilikuta natafuta kwanza kazi iliyokufa nyuma yake.

Siku ya tatu ya mafunzo haya ilikuwa ya vitendo: kusoma na kuandika joto la jokofu, ambalo kwa chanjo nyingi linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kutambua chanjo iliyoharibika kwa kugandishwa, na kupanga makasha ya barafu kwa safari ndefu. Kwa hiyo hasara ni kubwa kuliko shilingi milioni 3 zinavyoonyesha, na safari zenyewe sasa zimekuwa ndefu. Mwandishi makini analisema hilo, kisha anaeleza fidia: stadi hizo zitafundishwa kituo kwa kituo wakati wa ziara za usimamizi shirikishi za robo ya nne, ambazo zina bajeti yake tayari. Anaeleza pia upungufu wa fidia hiyo, kwamba ziara hufika kituo kimoja kwa siku, na baadhi ya vituo vitafikiwa Juni.

Dokezo lenyewe linaweza kuwa na urefu wa ukurasa mmoja na nusu. Sehemu zake za katikati zingesomeka hivi:

"YAH: MAOMBI YA IDHINI YA KUHAMISHA SH. 4,800,000 KWENDA KASMA YA MAFUTA, HUDUMA YA MKOBA YA CHANJO

Ndugu Mkurugenzi, rejea somo tajwa hapo juu.

2. Kutokana na kukatika kwa daraja mwezi Novemba, safari moja ya huduma ya mkoba inatumia lita 85 badala ya lita 60 zilizokadiriwa. Salio la kasma ni Sh. 7,440,000, na mahitaji ya Januari hadi Juni ni Sh. 12,240,000 kwa safari 48. Mchanganuo umeambatishwa pamoja na nakala za daftari la safari za gari.

3. Naomba idhini ya kuhamisha Sh. 1,800,000 kutoka kasma ya uchapaji, ambako kazi yote imekamilika kwa gharama ndogo kuliko makadirio, na Sh. 3,000,000 kutoka kasma ya mafunzo, kwa kupunguza siku za mafunzo kutoka 3 hadi 2. Jumla ya bajeti ya idara haibadiliki.

4. Athari: lengo la uchapaji halitaguswa. Mafunzo yatafanyika kwa watumishi wote 40, ila siku ya vitendo haitakuwepo. Stadi hizo zitatolewa kupitia usimamizi shirikishi wa robo ya nne. Safari zote 48 zitafanyika. Watumishi wanaendelea kurudi siku hiyohiyo, hivyo hakuna ongezeko la posho ya kujikimu.

5. Idhini isipopatikana, salio lililopo litatosha safari 29. Safari 19 hazitafanyika, na mafuta yataisha katikati ya Aprili."

Sentensi ya mwisho ya aya ya 4 ina kazi kubwa kuliko urefu wake. Uhamisho unaoziba tundu moja mara nyingi hufungua jingine. Njia ikirefuka, dereva na muuguzi huenda wakalazimika kulala huko, na hapo kasma ya posho nayo itakauka baada ya miezi miwili. Mkurugenzi mzoefu atauliza. Ni bora ajibiwe kabla hajauliza, kwa sababu dokezo la pili kwa tatizo lilelile hupunguza imani ya kila atakayelisoma.

Aya ya 5 nayo inataja tarehe kwa makusudi. Shilingi 7,440,000 zikigawanywa kwa shilingi 255,000 za kila safari zinatoa safari 29, na kwa safari 8 kwa mwezi hizo zinaishia katikati ya Aprili, masika yakiwa yamekolea. Tarehe hiyo ndiyo inayoongoza njia nzima ya dokezo. Linatoka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, linapita kwa mchumi anayeangalia kama malengo ya mpango yanabaki yanatekelezeka, na kwa mwekahazina anayethibitisha salio huru na fedha iliyoingia. Kisha timu ya menejimenti, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na Baraza la Madiwani. Kwa kadiri fedha zilivyo na masharti yake, huenda likahitaji pia ngazi ya mkoa na wizara. Kamati ya fedha hukutana kila mwezi, lakini mikutano ya kawaida ya baraza ni ya kila robo mwaka. Dokezo lililokosa kikao cha Januari au Februari linasubiri kingine cha Aprili au Mei, wakati gari limeshasimama.

Mwekahazina atakuwa na neno lake juu ya fedha taslimu. Kasma ya mafunzo ina ruhusa ya milioni 9, lakini tuseme hadi Desemba imepokea milioni 4.5. Milioni 3 zinazoombwa hapo zinaegemea makusanyo ambayo bado hayajaja. Jibu lipo ndani ya hesabu zenyewe: kuzunguka kunaongeza shilingi 600,000 kwa mwezi, hivyo shilingi 1,800,000 za uchapaji, ambazo ni taslimu, zinabeba ongezeko la Januari hadi Machi. Za mafunzo zitahitajika kuanzia Aprili. Uhamisho unaweza kuidhinishwa wote sasa na kutekelezwa kwa hatua mbili, na mwekahazina hatalazimika kuahidi kitu asicho nacho.

Wapo wanaoiona njia hii ni ndefu na kuchukua njia ya mkato. Mfumo wa malipo ukikataa hati ya mafuta kwa kuwa kasma haina salio, mtu anaandika malipo yaleyale kwenye kasma ya mafunzo, akitumaini kwamba dokezo litafuata. Mkaguzi hulikuta jambo hili bila taabu. Anachukua hati ya malipo na kuona stakabadhi ya kituo cha mafuta ikiwa imebandikwa kwenye kasma ya mafunzo. Anaomba orodha ya mahudhurio ya mafunzo na haipo. Analinganisha tarehe ya hati na tarehe ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha, na kama malipo yametangulia idhini, ni hoja ya ukaguzi hata kama kila lita iliingia kwenye tangi la gari la chanjo.

Lipo pia dhara la kimya lisiloandikwa kwenye ripoti ya ukaguzi. Vitabu vya mwaka huo vitaonyesha kwamba mafunzo yalitumia milioni 9 na mafuta yalitosha kwa 17,280,000. Mchumi anayeandaa bajeti ijayo atazitazama namba hizo na kuzirudia. Daraja bado halijajengwa, gari bado linazunguka, na kasma inawekewa tena fedha ya njia fupi. Muuguzi wa ng'ambo ya mto atalipa mwaka wa pili kwa kosa lililofanyika kwenye karatasi mwaka wa kwanza. Uhamisho ulioandikwa wazi ungemwonyesha mchumi kwamba gharama halisi ya safari imepanda, na sababu yake.

Idhini ikishatoka, kazi ya dokezo haijaisha. Mabadiliko huingizwa kwenye mfumo wa mipango na wa malipo, na taarifa za robo ya tatu na ya nne hupimwa kwa malengo mapya: mafunzo ya siku 2 na safari 48. Idara nyingi husahau hapa. Zinaripoti mafunzo ya siku 2 dhidi ya lengo la siku 3 na kuonekana zimeshindwa, wakati baraza lenyewe lilikubali.

Na kuna uwezekano mwema ambao aya moja zaidi ya dokezo inaweza kuutaja: daraja likirejeshwa mapema. Tuseme njia fupi inafunguka mwisho wa Aprili. Safari 16 za Mei na Juni zitarudi kwenye lita 60, na shilingi 1,200,000 za uhamisho hazitahitajika. Dokezo linaweza kupendekeza tangu mwanzo kwamba kiasi hicho, kikibaki, kiombewe kurudi kwenye mafunzo. Kwa shilingi 75,000 kwa mtu, kinatosha siku ya vitendo kwa watumishi 16, na wa kwanza kupewa nafasi wangekuwa wale wa vituo ambavyo ziara ya usimamizi imepangwa kufika Juni.